Gauni Halikuungulia Kwenye Kamera

Hotuba kwa wapiga video na waediti wa Moshi na Arusha

Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu na wenzangu wa mezani, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya kugredi video ya logi, ile inayotoka kwenye kamera imepauka kama imemwagiwa maziwa, hadi irudi kuwa picha ambayo mama wa bibi harusi akiiona anasema, "Ndivyo ilivyokuwa siku ile." Somo ni refu. Nikianza kwa aina zote za logi na kamera zote mlizonazo humu ndani, tutafika saa nane hatujafungua hata programu. Kwa hiyo nimechagua klipu moja, na wenyewe wameridhia tuitumie.

Iangalieni hapo ukutani. Ni harusi ya Desemba, upande wa Marangu, saa saba mchana. Maharusi wanatoka mlangoni mwa kanisa. Wao wenyewe bado wako kwenye kivuli cha baraza, lakini shela na sehemu ya chini ya gauni vimeshafika kwenye ngazi, na huko jua limewaka kweli. Bwana harusi amevaa suti nyeusi. Nyuma kuna mawingu meupe, maana Kibo saa hizo umeshajifunika, na pembeni limeegeshwa gari la maharusi, boneti inametameta. Kamera ni Soni, imewekwa S-Log3, biti 10.

Mimi sishuti sana. Kazi yangu ni meza, naletewa kadi. Kijana aliyeshuti klipu hii alikuja na toleo lake alilokuwa amekwisha kuligredi. Gauni juani lilikuwa bonge jeupe lisilo na mkunjo hata mmoja. Suti ilikuwa shimo jeusi, huoni ukosi wala mfuko. Akaniambia, "Dada, gauni limeungua. Sijui nilikosea wapi kwenye kamera." Nikamjibu kwamba kwenye kamera hakukosea. Gauni lake liliungulia mezani, na suti yake ilizamia mezani. Ndicho ninachotaka mjue kukitambua leo: mwanga ukipotea, umepotelea wapi? Ukishajua mahali ulipopotelea unajua kama unaweza kuurudisha, au unapoteza usiku bure.

Nilijuaje? Nilizima nodi zote, yaani hatua zote za marekebisho. Wengi wetu hatufanyi hivyo. Tunafungua klipu, tunabandika LUT, lile jedwali la rangi lililotengenezwa tayari, halafu ndipo tunaanza kuangalia. Zima kila kitu, fungua Waveform, ile grafu ya mwanga, kwenye DaVinci Resolve, uisome logi ikiwa mbichi. Kipimo chake kinaanzia 0 chini hadi 1023 juu.

Ili uisome, kuna namba chache za S-Log3 ambazo inafaa uwe nazo kichwani. Kadi ya kijivu, ile ya asilimia 18, iliyopigwa kwa mwanga sahihi inakaa 420. Karatasi nyeupe inakaa 598. Weusi mtupu, yaani kamera ikiwa imefunikwa kifuniko cha lenzi, haukai 0 bali 95. Na ukiongeza mwanga kwa stopu moja, yaani mara mbili, katika sehemu kubwa ya kipimo alama inapanda kwa karibu 79. Kwa kamera ya klipu hii sensa inajaa karibu na 887. Hapo ndipo dari. Sasa angalia nafasi iliyopo kati ya karatasi nyeupe na dari: ni zaidi ya stopu tatu na nusu. Kitu cheupe kinaweza kuwa kivulini na kingine juani, na vyote viwili vikaandikwa bila kuungua.

Turudi kwenye klipu. Uso wa bibi harusi, upande unaopata mwanga, uko karibu 347. Upande wa pili wa uso uko 289. Gauni kivulini liko 585. Gauni lilelile kwenye ngazi, juani, liko 820. Suti inaanzia 268 kwenye mabega hadi 164 ndani ya mikunjo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichogusa 887 wala kilichofika 95. Angalia umbo la gauni la juani kwenye Waveform: ni wingu lenye mawimbi, kuna vilima na mabonde, na kila bonde ni mkunjo wa kitambaa. Kitu kilichoungua hakina mabonde. Kinakuwa mstari uliolala bapa. Tazama hapa kulia, kwenye boneti ya gari: huo ndio mstari bapa wenyewe, umelala kwenye 887. Boneti imeungua kweli, kwenye kamera, na hakuna atakayeirudisha. Gauni halijaungua.

Sasa tuone alichofanya kijana wetu. Nodi ya kwanza aliweka LUT aliyoipakua mtandaoni, yenye jina zuri la kisinema. Nodi ya pili akapandisha Gain ili uso ung'ae, na nodi ya tatu akashusha Lift ili weusi uwe mweusi. Nawasha ile LUT peke yake. Mnaona? Gauni la juani limepanda moja kwa moja hadi 1023 na limelala bapa. Nodi nyingine hazijafanya chochote bado. LUT hii imetengenezwa kwa picha ambayo nyeupe yake haipiti sana karatasi nyeupe. Chochote kilicho juu ya hapo inakitupa darini. Zipo LUT nzuri, na hata za Soni wenyewe zinazokunja mwanga mkali kwa upole zipo, lakini hii ya mtandaoni haikunji, inakata.

Hapa ndipo penye mtego. Kijana aliona gauni limeungua, akaongeza nodi baada ya LUT, akashusha Gain. Nafanya vilevile sasa hivi. Mstari unashuka kutoka 1023 hadi 900, lakini umeshuka ukiwa bapa vilevile. Gauni halikupata mikunjo; limegeuka kuwa kijivu tu, kama ukuta wa sementi. Hiyo ndiyo alama ya kuangalia: ukishusha na mstari ukabaki bapa, basi taarifa haipo tena mahali hapo, na umesimama upande usiofaa wa LUT. Rudi nyuma yake. Naongeza nodi kabla ya LUT, nashusha Gain kidogo kwenye nodi hiyo. Mikunjo inarudi yote. Kitambaa ni kilekile na klipu ni ileile, tumehama nodi tu.

Nawaeleza sababu kwa kifupi, maana nimesikia watu wakibishana juu yake. Resolve yenyewe haikati kitu kati ya nodi na nodi. Ukipita 1023 kwenye nodi moja unaweza kurudi kwenye nodi inayofuata. Lakini LUT ni jedwali lenye mwanzo na mwisho. Kwenye jedwali la LUT hii, vyote vilivyopita sana karatasi nyeupe vimeandikiwa thamani ileile ya mwisho, na vikishapewa thamani moja vyote havitofautiani tena.

Kwa sababu hiyo mimi kwenye kazi kama hii situmii LUT ya mtandaoni. Natumia Color Space Transform, iliyomo hata kwenye Resolve ya bure, na naiweka kwenye nodi ya mwisho kabisa. Masahihisho yote nayafanya kabla yake, picha ikiwa bado logi. Mipangilio ni hii:

```
Input Color Space: Sony S-Gamut3.Cine
Input Gamma: Sony S-Log3
Output Color Space: Rec.709
Output Gamma: Gamma 2.4
Tone Mapping Method: DaVinci
```

Mstari wa mwisho ndio unaokunja mwanga mkali. Badala ya kukata kwenye dari, unazibana zile stopu za juu zikae karibu karibu chini ya 1023. Gauni la kivulini linabaki jeupe, la juani linakuwa jeupe zaidi, na bado kuna tofauti kati yao. Ikiwa None, mtarudi palepale pa LUT ya mtandaoni. Wenye kamera za aina mbalimbali kwenye harusi moja watahitaji kupitia DaVinci Wide Gamut kwanza ili ziongee lugha moja, ila leo tuna kamera moja, tusijitafutie kazi.

Nawasha nodi hiyo ya mwisho, nyingine zote zimezima. Picha imesharudi kuwa picha. Bado kuna kitu kimoja: maharusi wako gizani kidogo. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu kosa hili naliona kila wiki na linaharibu ngozi zetu.

Vitabu na video nyingi za mafunzo zinasema uso uweke asilimia 70 ya Waveform. Kipimo hicho kilitokana na ngozi nyeupe. Ngozi ya bibi harusi huyu inarudisha mwanga karibu nusu ya kadi ya kijivu. Ukiulazimisha uso wake ufike asilimia 70 unahitaji kuongeza zaidi ya stopu mbili. Piga hesabu: stopu mbili ni alama 158 hivi, na gauni la juani lilikuwa 820. Utalipeleka 980, na mawingu juu zaidi. Halafu uso wenyewe haupendezi. Unakuwa na rangi ya jivu, kama mtu aliyepakwa poda ya rangi isiyo yake. Mtu mweusi aliyesimama kivulini anatakiwa aonekane mweusi aliyesimama kivulini. Mimi uso kama huu unaniridhisha ukikaa kati ya 400 na 450 kwenye picha iliyokwisha kubadilishwa, yaani asilimia 40 na kitu, huku upande wa pili wa uso ukiwa na mia moja hivi chini yake. Tofauti hiyo kati ya pande mbili ndiyo inayoupa uso umbo.

Basi nodi ya kwanza: Offset. Siyo Gain, siyo Gamma. Kwenye logi, Offset inasogeza picha nzima sawasawa, na kila alama 79 ni stopu moja, kwa hiyo ni kama umerudi Marangu ukafungua lenzi kidogo. Napandisha alama 40, nusu stopu. Nausoma mwanga kwenye Waveform huku ile nodi ya mwisho nikiwa nimeizima, ili nione namba za logi. Uso umetoka 347 umefika 387. Gauni la juani limefika 860. Weusi mtupu umetoka 95 umefika 135, na ndiyo maana picha sasa ina ukungu ukungu. Msiogope, ukungu huo una dawa nodi inayofuata.

Kwenye nodi hiyohiyo ya kwanza ndipo ninaporekebisha rangi ya mwanga. Kivuli cha mchana kina ubuluu kwa sababu kinaangazwa na anga, na jua lina unjano. Huwezi kuvinyoosha vyote viwili kwa pamoja. Mimi nachagua uso. Gauni la juani likibaki na unjano kidogo ni sawa, ndivyo jua lilivyo.

Nodi ya pili: Contrast na Pivot. Pivot ni namba ambayo haitasogea. Vilivyo chini yake vinashuka, vilivyo juu vinapanda. Ikija yenyewe ni 0.435. Nataka uso usisogee, na uso uko 387. Gawanya kwa 1023 unapata 0.38. Hiyo ndiyo Pivot yangu. Kisha Contrast naipeleka 1.12, basi. Angalieni chini: ile 135 ya weusi mtupu imerudi karibu 105. Ukungu umeondoka. Mikunjo ya suti, iliyokuwa 204 baada ya Offset, sasa iko kama 182.

Hapa tulizungumzie lile shimo jeusi. Nimesema weusi mtupu wa S-Log3 unakaa 95. Chochote utakachokisukuma chini ya 95 ukiwa bado kwenye logi, nodi ya mwisho inakibadilisha kuwa chini ya sifuri, na kwenye faili la mteja chini ya sifuri ni sifuri. Kijana alikuwa ameshusha Lift akiangalia skrini ya laptopu iliyo karibu na dirisha, akaona weusi bado haujakolea, akaendelea kushusha. Suti, nywele na kivuli cha chini ya kidevu vyote vikapita chini ya sakafu kwa pamoja. Kwenye Waveform utaliona hili kabla ya kuliona kwa macho: sehemu ya chini inaacha kuwa nyuzi nyuzi na kuwa mstari mmoja mnene unaong'aa kwenye 0. Nyuzi zikiwepo, mikunjo ipo. Suti hii tuliyonayo hapa baada ya nodi ya mwisho ina nyuzi zake, ukosi unaonekana, kifungo kinaonekana, na bado hakuna atakayesema suti ni ya kijivu. Vitu vinavyostahili kugusa sifuri ni vichache sana: uwazi wa chini ya gari, tundu la mlango nyuma yao. Viachie hivyo viguse, ndivyo vinavyoipa picha mahali pa kusimama.

Nodi ya tatu ni ya gauni la juani, na nitakaa hapa kidogo. Baada ya Contrast limepanda hadi karibu 917. Nodi ya mwisho inalibana na mikunjo ipo, lakini imesongamana. Kwa macho ya mtu wa kawaida bado linaonekana limeng'aa mno. Nahitaji kulishusha hilo peke yake bila kugusa gauni la kivulini wala nyuso. Nafungua magurudumu ya Log, siyo yale ya Primaries. Lile la Highlight linagusa kuanzia High Range kwenda juu, na High Range ikija yenyewe ni 0.550, yaani 563 kwenye kipimo chetu. Hapo ni chini mno, gauni la kivulini liko 654 nalo litaburuzwa. Naipandisha hadi 0.68, ambayo ni karibu 696. Sasa nashusha Highlight taratibu hadi gauni la juani lifike 850 hivi. Nawasha nodi ya mwisho. Tazama ngazi ile ya chini: unaona lesi, unaona ilivyokunjwa, na jua bado ni jua.

Ukishusha zaidi ya hapo utaanza kuona kitu cha ajabu, gauni la juani kuwa na weupe uleule wa la kivulini. Macho ya mtu yanajua juani kunang'aa kuliko kivulini. Ukivisawazisha, picha inanuka uongo hata kama mtazamaji hawezi kukuambia uongo uko wapi. Jicho langu linataka tofauti hiyo ibaki, na nikilazimika kuchagua, ni afadhali lesi ipotee kidogo kuliko jua lipotee.

Na ile boneti? Nayo imeshuka pamoja na gauni, kwa sababu iko juu ya High Range, na imekuwa doa la kijivu. Iliungua kwenye kamera, haina kitu ndani. Kitu kilichoungua hakitakiwi kuonekana kijivu. Nainua tena sehemu hiyo kwa dirisha dogo, Power Window laini, irudi kuwa nyeupe. Mmeto wa jua kwenye bati la gari kila mtu anautarajia uungue, na hakuna mteja atakayekulalamikia.

Kuna kaka pale nyuma amenyoosha mkono tangu zamani. Ndiyo, kaka. Anasema ukumbini mambo ni tofauti, Waveform inaonyesha hakuna kilichoungua lakini nyuso zimejaa buluu na zambarau kama zimechorwa kwa kalamu ya mafuta.

Swali zuri, na wote tunaijua picha hiyo: ndafu inaingia, mpishi anacheza nayo, na taa za LED za zambarau zimeipiga ndafu na mpishi pamoja. Waveform ikiwa imewekwa Y inakuonyesha mng'ao wa jumla, na katika Rec.709 buluu inachangia karibu asilimia 7 tu ya mng'ao huo. Buluu inaweza kujaa hadi darini na Waveform ikakwambia picha ni ya giza. Fungua Parade, inayotenganisha nyekundu, kijani na buluu. Utakuta buluu imelala bapa juu, na nyekundu na kijani ziko chini kabisa zimetulia. Kama buluu ni bapa kwenye logi mbichi, basi chaneli hiyo imeungua kwenye kamera. Lakini mara nyingi utakuta kwenye logi haijajaa; inajaa pale inapobadilishwa, kwa sababu zambarau ya LED ni kali kuliko rangi yoyote ambayo Rec.709 inaweza kuibeba. Kwenye ile nodi ya mwisho nenda Gamut Mapping Method, chagua Saturation Compression. Inazibana rangi zilizozidi badala ya kuzikata. Isipotosha, punguza Saturation kwenye nodi ya kabla yake, ukiishikilia zambarau peke yake. Uso utabaki na zambarau, maana ukumbi ulikuwa wa zambarau, lakini pua na mashavu vitarudi kuwa na umbo. Na ukiwa mshutaji, mwombe tu mtu wa taa apunguze wakati wa ndafu. Wengi wao hukubali ukiwahi kuzungumza nao kabla MC hajashika maiki.

Dada naye anauliza kama haya yote yanafanya kazi kwa kamera ya biti 8. Yanafanya, kwa masharti. Biti 10 ina ngazi 1024, biti 8 ina 256. Ile stopu moja yenye alama 79 kwenye biti 10, kwenye biti 8 inabaki na ngazi kama 20 tu. Anga la asubuhi juu ya Kibo, kutoka upeo hadi juu, linaweza kuwa na tofauti ya nusu stopu. Yaani ngazi kumi za kulichora anga zima. Ukiongeza Contrast, ngazi hizo zinaachana na unaona mistari mistari angani. Kivulini nako vijiraba vinajitokeza ukiinua kidogo tu. Kwa kamera hizo mimi nashauri msishuti S-Log3 kabisa. Soni nyingi za biti 8 zina Cine2 na Cine4, ambazo hazipauki sana na hazikulazimishi kuinyoosha picha mbali. Dari yake ni ya chini kuliko ya logi, kwa hiyo mawingu utayachunga kwenye kamera, lakini anga litakuwa safi.

La mwisho, kwa sababu saa inanitazama. Kuna faili linatoka mezani likiwa zuri, linafika kwa mteja suti imezama na gauni limeungua, mnaanza kulaumiana. Kabla hujamlaumu mtu, angalia Data Levels kwenye ukurasa wa Deliver. Video ya kawaida ya biti 10 inaandikwa kati ya 64 na 940. Ukichagua Full, Resolve inaandika kuanzia 0 hadi 1023, na kicheza video kikidhani ni faili la kawaida kinakata kila kilicho chini ya 64 na kila kilicho juu ya 940. Ile mikunjo ya suti tuliyoihangaikia na ile lesi ya juani ndivyo vinavyokuwa vya kwanza kuumia, maana viko karibu na kingo hizo. Acha Auto, au weka Video. Kisha faili lililotoka lirudishe kwenye Resolve, liweke kwenye taimlaini juu ya lile la asili, na uangalie Waveform ya hili na ya lile. Zikifanana, mpe mteja. Faili jipya likiwa limenyooshwa, mawimbi ya juu yamepanda na ya chini yameshuka, usimpe, rekebisha kwanza.

Klipu ile ya Marangu nimeiweka kwenye flashi hapo mezani, pamoja na toleo la kijana wetu lenye LUT yake, ikiwa haijaguswa. Fungueni laptopu zenu, anzeni kwa kuzima nodi zote, nami nitapita meza kwa meza.